Barua ya miaka 9 ya ndoa nikiwa mbali, naombeni mnisomee kabla sijaituma

Mchomeleaji_9
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Mi ni fundi wa kuchomelea, niko nje mwaka wa 4 huu, mke na watoto wawili wako nyumbani. Tarehe 19 mwezi huu tunatimiza miaka 9 ya ndoa, zimebaki siku 11. Mwaka jana nilimtumia meseji ndefu kweli, niliitunga siku mbili nzima, akajibu "asante baba" na kaua kamoja basi, nikabaki naangalia simu kama nimedaiwa. Mwaka huu nimeamua niandike barua ya mkono, ya karatasi kabisa, kuna mwenzetu anaenda likizo ijumaa ya wiki hii na anapita karibu na kwetu, ataibeba. Nimeandika hivi:

"Kwako mke wangu kipenzi, malaika wangu, ua la moyo wangu. Leo tunatimiza miaka 9. Najua unavyoteseka peke yako na mimi huku nateseka usiku na mchana kwa ajili yako na watoto, jua kali, moto, silali vizuri, ila nikikukumbuka nguvu zinarudi. Wewe ni kila kitu kwangu, bila wewe mimi si kitu. Vumilia mke wangu, karibuni narudi na tutaishi kama zamani. Pia kuna jambo dogo la mkataba, wameongeza miezi 6, usijali muda unakimbia. Nakupenda mpaka maneno yananiishia. Mumeo."

Ndo hiyo. Semeni ukweli, msinionee huruma.

Bwana_Haraka
Mkuu barua nzuri sana hiyo mi ingenitoa machozi, ila nakushauri usisumbuke na karatasi, rekodi voisi, tuma saa 6 kamili usiku tarehe ikigeuka tu ili ajue we ndo wa kwanza. Afu ambatanisha na chochote kitu cha mfukoni. Mwanamke anasoma barua huku anasikilizia meseji ya hela imeingia au bado, tusidanganyane.

ChumaKimoja
Pole sana kaka kwa kuachwa, mi pia nilijibiwa "asante" hivyo hivyo miezi mitatu baadae nikasikia mambo. Chunguza mapema.

Mchomeleaji_9
@ChumaKimoja mkuu sijaachwa, nimeomba msaada wa barua

ChumaKimoja
Hata mi nilisema hivyo

MamaTatu
Mleta uzi mi niko upande wa pili, mume wangu yuko nje mwaka wa 11, meseji na barua za namna hiyo ninazo kopo zima. Ngoja nikwambie kwa nini mkeo alijibu "asante".

Hiyo barua yako ukifuta "miaka 9" na "mkataba" anaweza kuandikiwa mwanamke yeyote duniani. Malaika, ua, kila kitu. Anaisoma anajitafuta humo ndani hajioni. Sasa atajibu nini zaidi ya asante? Na "najua unavyoteseka", unajua nini kaka yangu? Sema unachokijua. Kama hukijui usiseme unajua, maana yeye anaukumbuka usiku aliokuwa na mtoto wa homa mkono mmoja na simu mkono wa pili na wewe uko shifti, akisoma "najua" anasema moyoni hujui.

Fanya hivi. Leo usiandike chochote. Rudi kwenye voisi na meseji zake za mwezi mzima, sikiliza kama unasikiliza za mtu mwingine, utafute kitu alichokisema zaidi ya mara moja. Lazima kipo. Mwanamke aliye peke yake harudii kitu kwa bahati mbaya, anarudia kwa sababu mara ya kwanza hukusikia. Hicho ndo mwanzo wa barua yako.

Na hilo la mkataba!! Yaani miezi 6 umeificha katikati ya maua unaiita jambo dogo? Toa humo kabisa, ntarudi tuongee.

Asali_Chungu
Dada MamaTatu kamaliza, mi naongeza la upande wetu maana mi ndo niliye nje, mume na watoto wako nyumbani. Kaka yangu futa "nateseka kwa ajili yako". Najua ni kweli, mi mwenyewe nasimama kutwa mpaka miguu haiingii kwenye viatu. Ila ukimwandikia hivyo siku ya ndoa umemkabidhi deni. Atalilipaje? Hawezi kukwambia rudi maana ataonekana hana shukrani, hawezi kukwambia na yeye amechoka maana wewe umeshachoka zaidi. Umemziba mdomo.

Mume wangu mwaka wa kwanza aliniuliza swali moja sijalisahau, aliniuliza "kitanda chako kimeelekea wapi?" Nikashangaa. Akasema nikilala nataka nijue uko upande gani wa chumba. Basi nikamchorea. Watu wa nyumbani hawatujui tunakolala, wanatuona uso tu kwenye vidio na ukuta mweupe nyuma. Mwambie umekaa wapi unapoandika, nani yuko chini yako, dirisha liko wapi. Mistari miwili tu, usimwelezee kambi nzima.

Mzee_wa_Kalamu
Wanangu, mimi nimeandika barua za watu wengi kuliko zangu. Miaka ile kambini kwetu simu ilikuwa moja na foleni yake ni ya kuanzia alasiri, nami ndiye niliyekuwa na mwandiko, basi jioni wanakuja mmoja mmoja. Nilikuwa sishiki kalamu kabla sijamuuliza mtu mambo matatu: mara ya mwisho alikwambia nini, nyumbani nani atakayeisoma hii barua, na wewe unaogopa nini. Likikosekana jibu la la tatu namwambia nenda kalale urudi kesho.

Lakini barua iwe na adabu yake. Hamjambo huko, mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu, ama baada ya salamu dhumuni la barua hii ni hili na hili. Siku hizi mnaanza katikati kama mnagombana. Barua ni nusu ya kuonana, na watu wakionana husalimiana kwanza.

Na usiandike usiku umetoka kazini. Barua ya usiku hulia. Andika asubuhi ya siku ya mapumziko, tumia kalamu ya kawaida ya wino mzito, zile za wino wa maji maji zikipata jasho la mkono wa mbebaji tu mwandiko unakuwa ramani.

MamaTatu
Haha mzee wangu shikamoo, hiyo "upeo wa macho yangu" mume wangu alishaniandikia miaka ile mpaka naijua kwa moyo, ikifika hapo naruka mstari. Ila swali lako la pili la nani ataisoma ni la dhahabu na mleta uzi halijui hilo.

Kaka, barua ya karatasi haiji kwa mkeo, inakuja kwa nyumba. Mbebaji akifika tu mama mkwe amekaa, watoto wamezunguka, "tusomee baba kasema nini". Sasa uliandika mambo yenu ya ndani atasomaje? Atageuza geuza maneno pale pale au atasema ntasoma baadae na hapo wazee wanaanza kuuliza kuna nini. Mume wangu alijifunza mwaka wa tatu. Anaandika karatasi mbili. Ya kwanza ni ya sebuleni, salamu za mama, kila mtoto na mstari wake kwa jina, hiyo inasomwa kwa sauti. Ya pili imekunjwa ndani ya bahasha yake ndogo imegundishwa, juu hakuna neno lolote, na hiyo naisoma watoto wakishalala. Hata simu ni hivyo hivyo, simu ya mama haina siri watoto wanachezea humo, ukituma picha ya barua ajue mwenyewe wa kufungua.

Mzee_wa_Kalamu
Marahaba mwanangu. Hilo la karatasi mbili sikulijua, na lingeniokoa na aibu moja kubwa. Kulikuwa na bwana mmoja nilimwandikia barua mbili siku moja, maneno yale yale, majina mawili. Mbebaji akawa mmoja. Yaliyotokea si ya jukwaa hili.

Bwana_Haraka
Hahahaha mzee umetisha

Ila mi bado sijaelewa mnaogopa nini kwenye hela. Na tarehe. Mwambie tarehe ya kurudi bana, mwanamke anaishi kwa matumaini, sema desemba niko hapo, hata isipokuwa desemba atakuwa amefurahi siku hiyo.

MamaTatu
@Bwana_Haraka kwenye hela uko sahihi nusu. Itume, ila siku nyingine, tatu nne kabla. Vikija pamoja barua inageuka risiti. Nilishapata hivyo, nikajikuta najibu "imefika" nikashindwa kujua nimejibu kipi.

Kwenye tarehe hapana. Mwanangu wa kati aliwahi kuambiwa "baba anakuja mwezi wa nane". Akachora viboksi ukutani kwa mkaa, kila asubuhi anakata kimoja. Mwezi wa nane umeisha baba hajaja, mtoto hakulia wala nini, akaendelea kuchora vingine chini. Ule ukuta niliupaka rangi mwenyewe. Tangu hapo kwetu tarehe haitajwi mpaka tiketi ionekane kwa macho.

Na hiyo saa 6 ya usiku, yeye huku amelala saa ngapi? Anaamka saa 11 kuwatengeneza watoto. Meseji ya usiku wa manane kutoka nje mi moyo unaruka nadhani kuna msiba. Mzuri ni muda nyumba imetulia, watoto wameenda shule, hajaanza kazi nyingine. Muda huo mleta uzi anaujua kuliko sisi.

Mchomeleaji_9
Wakuu nimesoma yote, mengine nimeyasoma mara mbili. Nimefanya la dada MamaTatu, jana baada ya kazi nimejifunika shuka nimeweka spika moja sikioni nimesikiliza voisi zake zote za mwezi.

Kuna kitu. Amesema mara tatu mlango wa nyuma haufungi. Mara ya kwanza nilijibu tafuta fundi. Mara ya pili nikatuma hela ya fundi. Mara ya tatu sikujibu kabisa, ilikuwa katikati ya mambo mengine, nilijibu hayo mengine.

Na ule mlango niliuning'iniza mimi.

Asali_Chungu
Hapo hapo kaka. Usitoke hapo.

Kijana_wa_Juzi
Mlango kwenye barua ya mapenzi?? Wakuu mnampoteza mwenzenu. Mi ningemwekea shairi

Mchomeleaji_9
Sasa hilo la mkataba naombeni mnisaidie maana ndo linaninyima usingizi. Wameongeza miezi 6, nimeshasaini, yeye hajui bado. Nilitaka liwe kwenye barua ili alisome akiwa amelainika kidogo.

MamaTatu
Ndo nilisema ntarudi. Mpigie kabla. Leo au kesho, si tarehe 18. Mwambie kwa sauti yako, mwache akasirike, mwache akate simu akitaka. Ukiliweka kwenye barua ya ndoa hiyo barua haitahifadhiwa, au itahifadhiwa kwa sababu mbaya. Na kila mwaka ikifika tarehe 19 hatakumbuka ndoa, atakumbuka ulimtegea. Karatasi haina pa kuulizia swali. Atauliza nani, mbebaji?

Asali_Chungu
Hapa dada yangu mimi na wewe tunatofautiana. Mi ningesubiri ipite. Siku ni moja kwa mwaka, mpe hiyo siku safi, wiki inayofuata mpigie mwambie. Ukimwambia sasa hivi barua itamfikia ikiwa imeshakuwa barua ya kubembeleza, hata iwe nzuri vipi ataona ni ya kumnyamazisha.

MamaTatu
Halafu akija kujua saini ilipigwa kabla ya barua? Anahesabu tarehe huyo, sote tunahesabu.

Asali_Chungu
Ndiyo anaweza kuhesabu. Ila mimi nilimwambia mume wangu kabla ya siku yetu na siku yenyewe hakupokea simu kutwa. Hiyo siku haijarudi.

Mzee_wa_Kalamu
Mimi katika hili sina hakika, nimeona zote mbili zikienda vibaya. Ila mwanangu nakurudisha kwenye swali langu la tatu. Unaogopa nini?

Mchomeleaji_9
Naogopa asikasirike mzee. Yaani aseme tu "sawa". Hiyo ndo naogopa.

Mzee_wa_Kalamu
Basi umeshajijibu. Piga simu.

Mchomeleaji_9
Mrejesho. Nimempigia jumatatu. Nilimwambia moja kwa moja, wameongeza 6 na nimesaini bila kukuuliza. Akanyamaza. Akauliza "ulisaini lini?" nikamwambia tarehe. Akasema "siku hiyo tuliongea saa nzima". Akakata. Simu yake haikupatikana jana wala leo. Mama anasema wako wazima.

Sijui kama nimefanya sawa. Ila hakusema sawa.

Bwana_Haraka
Duh. Mkuu pole. Mi ningeenda na dada Asali.

ChumaKimoja
Nilisema mapema jamani

MamaTatu
@ChumaKimoja wewe nenda kapumzike kidogo baba.

Mleta uzi andika barua. Usiibadilishe iwe ya kuomba msamaha, iandike ile ile uliyokuwa uandike. Hilo la mkataba mistari miwili mitatu tu, na usimwombe aache kukasirika.

Mchomeleaji_9
Wakuu leo tumepewa mapumziko, nimeandika asubuhi kama mzee alivyosema. Karatasi ya kwanza ya sebuleni siiweki hapa, ni salamu, mkubwa nimemuuliza lile jino limeanguka upande gani, mdogo nimemchorea mashine yangu ya kuchomelea ikiwa na miguu. Mama nimemwandikia mistari yake kwa herufi kubwa maana miwani yake imekwaruzika. Hii hapa ndo ya ndani, majina nimeyatoa.

"Mama J,

Natumaini hujambo. Mimi mzima, hofu ni kwako. Neno hilo la hofu watu wanasema ni la kizamani ila wiki hii nimeliona lina kazi yake.

Nimekaa kitanda cha juu, dirisha liko upande wa miguuni, mwenzangu wa chini amelala kanipa mgongo. Dole gumba la kulia lina plasta, cheche iliingia ndani ya glavu, kwa hiyo herufi zikipinda usiseme nilikuwa nasinzia.

Nimerudia voisi zako za mwezi mzima. Mara tatu umeniambia mlango wa nyuma haufungi. Mara ya kwanza nikasema tafuta fundi, mara ya pili nikatuma hela, mara ya tatu sikujibu. Juzi ndo nimekusikia. Ulisema 'nauinua kwa bega ndo komeo linaingia'. Ina maana kila usiku watoto wakishalala unasimama pale gizani peke yako unauinua mlango wangu kwa bega. Nasema wangu kwa sababu niliuning'iniza mimi wiki ya kusafiri. Bawaba ya juu niliifunga kwa skrubu fupi, ndefu ziliniishia nikasema ntakuja kubadilisha. Sikubadilisha na sikukwambia. Mlango ukishuka upande wa komeo ubaya hauko kwenye komeo, uko kwenye bawaba ya juu, uzito wote unaning'inia pale. Fundi akija asichonge mlango wala asihamishe komeo, ataharibu. Auwekee kabari chini uinuke, atoe skrubu za bawaba ya juu moja moja, kila akitoa fupi anarudisha ndefu, zipite fremu zishike mti ulioko nyuma yake. Ni kazi ya nusu saa. Nusu saa ambayo sikuwa nayo miaka 4 iliyopita.

Sikupi pole ya kuteseka. Nakwambia najua ni bega la kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ndo unasukuma komeo.

Mwaka wa kwanza tulipooana ulikuwa unalala upande wa ukutani, ukasema upande wa mlango unakutisha. J alipozaliwa ukahamia upande wa mlango, hukusema kitu na mimi sikuuliza. Sasa nauliza. Siku hizi unalala upande gani?

Kuhusu miezi 6 tumeshaongea. Nilisaini kwanza ndo nikakwambia, hilo ni kosa langu na si la kampuni. Usiache kunikasirikia kwa sababu ya tarehe 19. Na siku ya kurudi sikuandikii, tiketi ikiwa mkononi nitakutumia picha yake.

Kuna ile voisi yako ya dakika 4, mvua ilikuwa inapiga bati, mwishoni ukadhani umeshaachia kitufe, ukasema taratibu 'haya, lala'. Watoto hawakuwepo hapo. Nimeirudia hiyo mpaka simu ikazima chaji.

Nakupenda, hilo ulishalisikia. La mlango ndo ulikuwa hujalisikia.

Mumeo, fundi wa skrubu fupi."

Asali_Chungu
Niko kwenye ngazi za kazini nimekaa chini. Bega la kushoto jamani.

Kijana_wa_Juzi
Nafuta kauli yangu ya shairi

MamaTatu
Mi sigusi kitu hapo. Au moja tu, "si la kampuni" toa, hakuna aliyekuuliza kampuni, unaonekana unajitetea kwa mgongo wa nyuma. Mengine yaache kama yalivyo hata ule mstari wa nusu saa.

Na kabla hujaifunga ipige picha, begi hupotea. Piga mchana karibu na dirisha, kila ukurasa picha yake, na ukituma wasapu itume kama dokumenti si kama picha ya kawaida, ile ya kawaida inabanwa na mwandiko unakuwa ukungu. Ila usitume sasa. Itume kama mbebaji akikwama tu.

Mzee_wa_Kalamu
Umeitia salamu yangu. Nimeiona. Isome kwa sauti mara moja ukiwa peke yako, pale sauti itakapokwama paache, usiparekebishe.

Bwana_Haraka
Mi nina swali la kifundi sasa, mlango wangu nao umeshuka hivyo hivyo ila bawaba zimeshikwa vizuri, hazichezi

Mchomeleaji_9
@Bwana_Haraka angalia fremu yenyewe mkuu, kama imeachia ukuta bawaba haina kosa. Gonga kwa ngumi usikie kama ina uwazi nyuma.

Barua imeondoka jana, nimetoa ile "si la kampuni". Mbebaji nimemwambia bahasha ndogo ampe mkononi akiwa peke yake, akiwa na watu ampe kubwa tu, ndogo arudi nayo kesho yake. Simu yake imewaka tena jana, kaandika "watoto hawajambo". Nimejibu "nashukuru". Tunasubiri.

ChumaKimoja
Kaka hapa kweli nakuombea. Ya kwangu sikuwahi kumuuliza analala upande gani.

Mchomeleaji_9
Wakuu leo tarehe 20. Jana sikupiga mapema, nilisubiri muda watoto wako shule. Kabla sijapiga ikaingia picha. Ni meza yetu, juu yake kuna skrubu 4 fupi zimepangwa mstari, moja imeliwa kichwa. Chini yake kaandika:

"Zilikuwa nne. Nimetoa mwenyewe, fundi nimemrudisha. Mlango unafunga kwa kidole. Kushoto ndiyo."

Basi. Hakuna ua. Nikapiga akapokea, tukaongea habari za jino na mama na ile mashine yenye miguu imebandikwa ukutani. Mkataba hakuutaja na mi sikuutaja.

Asali_Chungu
Na swali la upande wa kulala je?

Mchomeleaji_9
Hajajibu.